Dimensia si kusahau tu

Wengi wetu hulieleza neno dimensia kwa kusema "ugonjwa wa kusahau". Tafsiri hiyo inaeleweka haraka, lakini ina kasoro mbili. Inamfanya kila mzee anayesahau aonekane mgonjwa, tena inaificha maana halisi: dimensia si ugonjwa mmoja, bali ni hali inayoletwa na magonjwa mbalimbali, Alzaima ukiongoza. "Kudhoofika kwa uwezo wa akili" ni refu zaidi, ila linalenga.

Uzee wenyewe hupunguza kasi ya kukumbuka. Mama akikosa jina la jirani, kisha likamjia baadaye, hilo ni la umri. Dimensia ni pale uwezo unaposhuka kwa miezi au miaka hadi shughuli alizozimudu zimshinde: muuza duka wa siku nyingi anakosea chenji kila mara, au mpishi hodari wa pilau anakaanga vitunguu kisha hajui kinachofuata. Mabadiliko yakija kwa saa au siku chache, huko ni kuchanganyikiwa kwa ghafla, mara nyingi kutokana na maambukizi au dawa. Mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Lakini hata anayebadilika polepole anaweza kuwa na tatizo linalotibika. Tuseme mama wa miaka 70 ana kisukari na ametumia metfomini kwa miaka mingi. Dawa hiyo, ikitumika kwa muda mrefu, inaweza kupunguza vitamini B12 mwilini. Upungufu huo huleta ganzi miguuni na kuvuruga kumbukumbu. Ganzi ikadhaniwa kuwa ya kisukari peke yake, akaandikiwa amitriptilini. Hii nayo huweza kuwaletea wazee usingizi na usahaulifu. Miezi michache baadaye anauliza swali moja mara tano, na nyumbani wanasema ni uzee.

Hapa familia ikibeba dawa zote anazotumia, pamoja na zile za kununua dukani kama Piritoni, daktari ataweza kuona mnyororo huo. Damu itapimwa B12 na homoni za tezi ya shingo. Ataulizwa pia kuhusu sonona, na kama alianguka wiki zilizopita, kwa kuwa damu inaweza kujikusanya taratibu chini ya fuvu na kuonekana kwa picha ya CT. B12 ikiwa chini, huchomwa sindano za vitamini hiyo. Amitriptilini hupunguzwa kwa maelekezo ya daktari, si kwa uamuzi wa nyumbani. Upungufu ukiwa umekaa muda mrefu, huenda kumbukumbu yote isirudi, na wakati mwingine Alzaima huwapo sambamba nao.

Ndiyo maana kabla ya uchunguzi huo ni afadhali kusema mama ana "usahaulifu unaoongezeka". Dimensia ni jina la kutolewa baada ya kupima.