Michezo ya Ubao ya Kujenga Njia za Reli

Michezo ya kujenga njia za reli ni aina ya michezo ya ubao ambamo wachezaji huunganisha miji iliyochorwa kwenye ramani kwa kupanga vibehewa vidogo vya plastiki, kila mmoja akifuata safari alizopewa kwa siri. Ulio maarufu zaidi ni Ticket to Ride, uliobuniwa na Alan R. Moon na kutolewa na kampuni ya Days of Wonder mwaka 2004, ambao mwaka huohuo ulitwaa tuzo ya Mchezo wa Mwaka ya Ujerumani. Ubao wake wa kwanza, unaoelezwa hapa, ni ramani ya Marekani pamoja na miji michache ya kusini mwa Kanada.

Mstari unaounganisha miji miwili jirani unaweza kuitwa kiungo, na urefu wake ni kuanzia behewa moja hadi sita. Anayekitaka hulipa kadi za rangi ya kiungo hicho, idadi sawa na urefu wake, ilhali viungo vya kijivu hulipiwa kwa rangi yoyote moja, na kadi ya kichwa cha treni husimama badala ya rangi yoyote. Kiungo kirefu hulipa zaidi ya uwiano wake: cha mabehewa mawili huleta alama 2, cha sita huleta 15. Tiketi ya safari hutaja miji miwili iliyo mbalimbali na thamani yake, ambayo huongezwa mwishoni mchezo ukimkuta mwenye tiketi ameiunganisha, na hupunguzwa asipofanikiwa.

Kinachobana mipango yote ni kwamba kila mchezaji ana mabehewa 45 tu. Mchezaji yeyote akibakiwa na mawili au pungufu, kila mmoja hupewa zamu moja ya mwisho, naye pia, kisha hesabu hufungwa. Kwa hiyo tiketi hupimwa kwa mabehewa itakayokula kabla ya kupimwa kwa alama itakazoleta.

Tuseme mchezaji anashika tiketi mbili ndefu, ya Los Angeles hadi Miami yenye alama 20 na ya Seattle hadi New York yenye alama 22. Ya kwanza hupita El Paso, Houston na New Orleans kwa viungo vya 6, 6, 2 na 6, yaani mabehewa 20. Ya pili hupita Helena, Duluth, Toronto na Pittsburgh kwa viungo vya 6, 6, 6, 2 na 2, yaani 22. Jumla ni 42, na akiba inayobaki ni mabehewa matatu. Kwa kuwa huanza na kadi nne na huokota mbili kwa zamu, anahitaji zamu 19 za kuokota na tisa za kujenga, hata kama hakuna kadi moja inayopotea; na mpinzani mwenye haraka anaweza kufunga mchezo kwa zamu zisizotofautiana sana na hizo.

Udhaifu wa mpango huu uko kati ya Houston na New Orleans, ambako pana kiungo kimoja tu, kifupi na cha kijivu. Mpinzani aonaye reli ikitoka El Paso kuelekea mashariki hahitaji kuisoma tiketi: kwa kadi mbili na zamu moja anaziba mlango. Mjenzi aliyekwisha kufika Houston hulazimika kupanda Dallas, kuvuka hadi Little Rock na kushuka New Orleans, mabehewa sita badala ya mawili. Safari ya kusini inakuwa 24, jumla 46, na mpango mzima unavunjika kwa upungufu wa behewa moja, tofauti ya alama 40 kwa tiketi ya Miami peke yake. Lau angezibiwa akiwa bado El Paso, angegeuza moja kwa moja hadi Dallas kwa kiungo chekundu cha mabehewa manne, na safari ingekuwa 21, ingawa nyekundu ingemwelemea, kwani kiungo cha Miami nacho ni chekundu na kadi za rangi hiyo ni 12 tu.

Ndiyo maana wachezaji wazoefu hukamata kwanza viungo vifupi visivyo na mbadala na kuacha vile virefu, ambavyo wapinzani hawavigusi kirahisi kwa gharama yake. Hofu ya kujifichua mapema hutiwa chumvi, kwa maana kiungo cha kijivu cha mabehewa mawili hutumikia tiketi nyingi na husema machache juu ya mwenyewe. Kadi sita nyeusi zilizookotwa mfululizo mezani husema zaidi. Kuziba kwa ajili ya kukomoa tu, kinyume chake, mara nyingi ni hasara wanapocheza wanne au watano, kwa sababu anayeziba hulipa zamu yake mwenyewe na wasiohusika ndio wanaofaidi. Wawili au watatu wakicheza mambo hubadilika: pale penye viungo pacha, kimoja kikichukuliwa cha pili hufungwa.

Toleo la Ulaya la mwaka 2005 lilipunguza makali hayo kwa kumpa kila mchezaji stesheni tatu, ambazo kila moja humruhusu kutumia kiungo kimoja cha mwenzake kukamilisha tiketi, huku stesheni isiyotumika ikimwachia alama nne.