Kuchapa Ukurasa wa Shajara: Vifupisho, Tarehe za Pambizoni na Wino Uliopenya kutoka Nyuma

Ukurasa wa shajara iliyoandikwa kwa mkono huchapwa kwa kanuni moja kuu: msomaji wa nakala aweze kutofautisha kilichoandikwa na mwenye shajara na kilichoongezwa na mchapaji. Kanuni hiyo hupata majaribu makubwa pale karatasi inapokuwa nyepesi na wino wa upande wa nyuma umejitokeza mbele.

Kwa ajili ya maelezo, tuchukue ukurasa wa kubuni wa mwaka 1955, ulioandikwa na mkazi wa Matombo, kwenye miteremko ya Uluguru. Mwaka huo wakulima wengi wa Kiluguru walipinga kulazimishwa kuchimba matuta ya ngazi, hivyo tarehe moja inaweza kubadili mfululizo mzima wa matukio. Pambizoni pameandikwa kitu kinachosomeka “8/7 Jpi”. Ndani ya mstari kuna maneno haya: “Mkutano wa matuta saa 2. Mgr hakufika.”

Hatua ya kwanza ni kuuliza iwapo wino wa nyuma unaonekana tu au umepenya kweli. Karatasi nyeusi huwekwa chini ya ukurasa, kisha ukurasa hupigwa picha. Kivuli kikififia, maandishi ya nyuma yalikuwa yakionekana kwa sababu mwanga unapita katika karatasi. Kikibaki vilevile, wino umelowa ndani ya nyuzi za karatasi, na karatasi nyeusi haitasaidia. Hapo upande wa nyuma nao hupigwa picha, picha hiyo hugeuzwa kulia kwenda kushoto kwa programu ya kuhariri picha, kisha hulazwa juu ya picha ya mbele. Kila mkwaju unaolingana na mwandiko wa nyuma si wa ukurasa huu. Hata kwa macho, mwandiko ulioinamia kulia huonekana ukiinamia kushoto unapotokea nyuma, na mikwaju yake haifuati mistari ya mbele.

Katika mfano wetu, upande wa kushoto wa “8” unalingana na mkia wa herufi ya nyuma. Ukiondolewa, inabaki “3”. Kalenda inathibitisha: tarehe 3 Julai 1955 ilikuwa Jumapili, na tarehe 8 ilikuwa Ijumaa. Lakini uthibitisho huo hutegemea kuujua mwaka kwa hakika, na waandishi wengi wa shajara huandika mwaka mara moja tu, kwenye ukurasa wa kwanza.

Tarehe huchapwa mwanzoni mwa mstari iliokabiliana nao, ikitanguliwa na neno “pambizo” ndani ya mabano ya mraba. Haisahihishwi hata ikionekana kuwa na kosa. Katika shajara ya David Livingstone, Stanley anafika Ujiji mwishoni mwa Oktoba 1871. Katika kitabu cha Stanley mwenyewe ni tarehe 10 Novemba. Mchapaji ambaye angezilinganisha tarehe hizo angefuta ushahidi kwamba hesabu za siku zilipotea njiani. Kwa sababu hiyohiyo, “saa 2” hubaki “saa 2”. Kuigeuza kuwa saa nane kwa hesabu ya Kizungu ni kumwandikia mtu asichoandika.

“Mgr” ni kigumu zaidi. Katika eneo lenye misheni ya Kikatoliki kinaweza kuwa Monsinyori, kinaweza pia kuwa Morogoro. Kitenzi “hakufika” kinahitaji mtu, hivyo Monsinyori ana nguvu, ila neno linaweza pia kuwa kifupisho cha jina la jirani. Mchapaji hutafuta kurasa nyingine ambako mwandishi ameliandika kwa kirefu. Akilipata, huchapa “Mgr [Monsinyori]” au hubakiza “Mgr” na kueleza kando, mradi atumie mtindo mmoja hadi mwisho. Asipolipata, huacha “Mgr [?]”. Nakala yenye alama nyingi za kuuliza haipendezi, lakini ni salama kuliko iliyojaa makisio yasiyoonekana.

Nakala ya mfano wetu itasomeka hivi:

```
[pambizo: 3/7 Jpi]
Mkutano wa matuta saa 2. Mgr [?] hakufika.
```

Zipo kurasa ambazo kamera ya kawaida haiziwezi. Shajara ya Livingstone ya mwaka 1871, aliyoiandika huko Nyangwe, Kongo, kwa wino wa mimea juu ya gazeti la zamani kwa kukosa karatasi, ilikuwa haisomeki kwa sehemu kubwa. Mwaka 2011 watafiti waliionyesha baada ya kuipiga picha kwa mianga ya aina nyingi, kuanzia isiyoonekana kwa macho upande wa zambarau hadi upande wa nyekundu. Wino wa gazeti na ule wa Livingstone huitikia kila mwanga kwa namna tofauti, hivyo kompyuta iliweza kuupunguza mmoja na kuukoleza mwingine. Nyumbani hatua hiyo haipo. Panapobaki doa, huandikwa “[haisomeki, maneno 2]”, na picha za pande zote mbili huhifadhiwa pamoja na nakala.