Lisansi mkononi, ubao mbele: juu nini Kongo inakuomba karatasi mbili ili uwe mwalimu



Swali hili linarudi kila mwaka kiisha defansi. Kijana wa hapa Obokote amemaliza lisansi yake ya uchumi, amezunguka na CV mjini Kindu mpaka viatu vimekwisha, na sasa anajiambia: bora niende kufundisha. Prefe mmoja anamuambia «njoo kesho, tuna masaa ya hesabu za biashara», na kesho yake iko mbele ya wanafunzi hamsini na chaki mkononi. Kiisha miaka miwili anauliza juu nini Leta haimlipi, na juu nini kwenye liste ya shule wanaandika kwamba hana kwalifikasyo wakati ana diploma kubwa kuliko wengi wanaomuzunguka.

Kuna wale wenye ndugu Kenya, nao wanauliza: lesensi ya ualimu inachukuliwa wapi? Kule ni rahisi kueleza. Kuna tume moja, TSC, inayoandikisha walimu, na kama digrii yako haina ualimu ndani yake, unarudi kwanza chuo kuchukua diploma ya ualimu ya baada ya digrii. Mlango moja, numero moja. Kwetu mlango ni mbili, na ziko kwenye nyumba mbili tofauti. Moja inaangalia kama unajua kufundisha. Ingine inaangalia kama uko kwenye kitabu cha mshahara. Mtu anaweza kupita moja na kukwama kwenye ingine maisha yake yote. Ili tuelewe namna tulifika hapo, lazima turudi nyuma kidogo.

Wakati wa Wabelgiji swali hili halikuwako. Mwalimu alikuwa moniteri, aliyefundishwa na misioni, kwenye shule ya misioni, na padri au mchungaji ndiye alimjua, alimtuma kijijini na kumkagua. Kujifunza kazi na kuandikwa kazini vilikuwa kitu kimoja. Wazee wetu wengi walifundisha na kile tulichozoea kuita D4, maana yake miaka minne ya shule ya ualimu baada ya primeri. Ilikuwa elimu ndogo, lakini yote ilikuwa ya ualimu.

Shida ilikuja 1960. Shule za sekondari zilikuwa mikononi mwa Wazungu, wengi wakaondoka, na watoto wakabakia. Leta ikatafuta walimu ngambo: ndiyo sababu kuna Wahaiti wengi waliokuja kufundisha Kongo miaka ile ya 1960. Na mwaka 1961, kwa msaada wa UNESCO, ikafunguliwa Institut Pédagogique National huko Kinshasa (wakati ule Léopoldville), ile ambayo leo ni Université Pédagogique Nationale. Kiisha tukapata ISP nyingi, ya Kindu pia.

Hapa tusimame kidogo, juu ndipo barabara iligawanyika. Kwenye ISP, kwa mpangilio wa zamani, mwanafunzi alijifunza somo lake na namna ya kulifundisha pamoja: miaka mitatu ya gradua, alitoka G3, aliweza kushika madarasa ya chini ya sekondari, kiisha miaka mbili ya lisansi, alitoka L2, aliweza kushika madarasa ya juu. Kwenye univerisite ni tofauti. Pale unajifunza uchumi, sheria, kemia au agronomia yenyewe, na ualimu unawekwa pembeni, kwenye kitu kinachoitwa agregasyo. Ni urithi wa Ubelgiji. Mwanafunzi wa lisansi aliyetaka kufundisha alikuwa anaongeza masomo mengine juu ya yale yake: saikolojia ya mtoto na ya kujifunza, didaktiki ya jumla, didaktiki ya somo lake, halafu staji kwenye shule, ambapo anaandaa somo kwenye fishi, anafundisha, na mtu ameketi nyuma anaandika makosa. Aliyepita hayo anaitwa LA, mwenye lisansi na agregasyo. Asiyepita anabakia na lisansi tupu.

Sasa angalia ajabu yake. Kwa macho ya jirani, LA na lisansi tupu ni kitu kimoja, toge ni ile ile na picha ya sherehe ni ile ile. Kwa macho ya inspekta, wa pili anajua uchumi lakini hajawahi kuonyesha mtu yeyote kwamba anaweza kuufundisha. Wengi wetu tulicheka agregasyo wakati ule, tukisema ni ya wale waliokosa kazi ya benki. Minakubali, mimi pia nilisema vile.

Hiyo ndiyo nyumba ya kwanza. Nyumba ya pili ilijengwa na siasa, haikujengwa na masomo.

Mwaka 1974 Mobutu alichukua shule zote za makanisa. Haikudumu. Tarehe 26 Februari 1977 Leta na makanisa wakatia sahihi konvansyo: shule zinabakia za Leta, lakini usimamizi unarudi kwa Wakatoliki, Waprotestanti na Wakimbangu, na baadaye Waislamu pia, ambao hapa Maniema ni wengi. Tangu siku ile, anayekuita kazini na kukupa karatasi ya kukutuma shuleni ni kordinasyo ya kanisa au ya Waislamu, lakini anayekulipa ni Leta. Mikono mbili, na mkono wa pili haukuona wa kwanza umefanya nini.

Pesa zilipoanza kukosekana, Leta ikataka kujua inalipa watu wangapi. Katikati ya miaka ya 1980, wakati Benki ya Dunia na IMF zilikuwa zinabana matumizi ya Zaire, ikaundwa SECOPE, ile ambayo leo inaitwa DINACOPE. Kazi yake ilikuwa kuhesabu walimu na kuandaa malipo. Kila aliyehesabiwa alipewa numero ya matrikule. Kwa hiyo ile matrikule ambayo watu wanaita «kuandikishwa mwalimu» ilizaliwa kama numero ya mshahara. Haikuzaliwa ili kusema nani anajua kazi. Inaandika kwalifikasyo yako, D6, G3, L2 au LA, lakini haikufundishi na haikupimi.

Kisha ikaja miaka ya 1990. Mishahara ikaanguka, walimu wakafanya greve ndefu, na ili shule zisife wazazi wakakubali kulipa ile tunayoita primu. Nia ilikuwa kuokoa mwaka wa shule. Lakini primu ilifungua mlango wa tatu, wa nyuma: shule yenye pesa za wazazi inaweza kumweka mbele ya wanafunzi mtu yeyote, bila matrikule na bila agregasyo. Mwaka 2019 elimu ya bure ilifunga mlango ule kwenye primeri. Kwenye sekondari uko wazi mpaka leo, na ndimo vijana wengi wenye lisansi wanaingilia.

Turudi kwa kijana wetu wa uchumi, tumfuate hatua kwa hatua.

Kitu cha kwanza ni kuangalia anaenda kufundisha nini. Lisansi ya uchumi inaelekea humanite za biashara: hesabu za biashara, uchumi, sheria ya biashara. Akipewa masaa ya Kifaransa au jeografia juu tu kuna nafasi, faili lake litakuwa na kasoro ya pili juu ya ile ya agregasyo: hata somo lenyewe si lake. Akatae, hata kama njaa inauma.

Pili ni ualimu wenyewe. Kama bado iko kwenye masomo, aulize fakilte kama agregasyo inafanyika na ianze lini, juu sheria ya elimu ya 2014 ilileta LMD, na mpangilio wa zamani wa gradua na lisansi unaondoka. Kama amekwisha maliza, arudi kuifanya kama nyongeza. Barua ya prefe inayosema «amefundisha vizuri miaka mitatu» ni nzuri kwa CV, lakini haichukui nafasi ya staji iliyokaguliwa. Kuna wenye kuuza atestasyo za haraka. Utaijua namna hii: hakuna aliyekuja kuketi nyuma ya darasa lako.

Tatu ni karatasi ya kazi. Kwenye shule ya konvansyo inatoka kwa kordinasyo; kwenye shule ya Leta yenyewe inapita kwa su-divizyo na Proved. Neno la prefe peke yake halitoshi. Wengi wanakwama hapa bila kujua: wanafundisha miaka, lakini juu ya meza ya kordinasyo jina lao halijawahi kufika.

Nne ndiyo DINACOPE. Na hapa kuna maswali mawili ambayo kijana lazima amuulize prefe siku ya kwanza, kwa heshima lakini bila haya. «Baba Prefe, shule yenyewe inalipwa na Leta ao bado?» Kama shule haijaingia kwenye kitabu cha malipo, mwalimu wake hawezi kuingia peke yake, hata akiwa na LA tatu. Halafu: «Nafasi yangu ni mpya, ao minachukua ya mtu?» Nafasi mpya inangoja mpaka Leta ipate bajeti ya watu wapya, na kungoja huko kunaweza kuwa kwa miaka. Nafasi ya mwalimu aliyekufa au kustaafu inakuwa na mshahara wake tayari, lakini lazima ibadilishwe kwa maandishi kwa jina lako. Ukiambiwa «kula kwanza kwa jina la marehemu, tutarekebisha baadaye», ujue kwamba kwenye kitabu marehemu ndiye anafundisha na wewe hauko. Na tangu mishahara ilianza kupitia benki, miaka ya 2011 na kuendelea, hata kula kule kumekuwa kugumu.

Siku ile ya kuandikwa, angalia karatasi kabla haijaondoka mezani: jina liandikwe sawa na kwenye diploma, herufi kwa herufi, na kwalifikasyo iwe ile uliyonayo. Kuna wenye lisansi walioandikwa D6 juu faili ilikuwa na diploma ya Leta peke yake. Walikuwa bado hawajachukua diploma ya univerisite kwa kukosa pesa ya kuilipia. Leta inalipa kile kilichoandikwa. Kubadilisha baadaye ni faili ingine, na ofisi zile zile upya.

Na yule aliyeingia kwa mlango wa primu? Simlaumu, watoto wanakula. Lakini ajue anakaa kwenye nafasi gani. Mwaka ambao wazazi watashindwa kulipa, au L2 kutoka ISP Kindu atakapokuja na karatasi ya kordinasyo mkononi, masaa yake ndiyo yatachukuliwa kwanza, na hakuna ofisi ambayo anaweza kwenda kulalamika, juu hakuna ofisi ambayo iliwahi kumwandika.