Oda iliyofutwa bado imo kwenye kompyuta ya duka

MTEJA anayebonyeza kitufe cha kufuta oda katika tovuti ya duka huamini kuwa habari zake zimeishia hapo. Kwa kawaida hazijaisha. Maduka mengi yanayouza kwa njia ya mtandao hayaondoi kumbukumbu hiyo katika kanzidata, bali huiwekea alama kwamba imefutwa, kisha programu ikaagizwa isiionyeshe tena.

Tuchukue mfano wa oda namba 4817, ya viatu vya Sh45,000, iliyolipiwa kwa simu na kufutwa kabla ya mzigo kusafirishwa. Amri inayopelekwa kwenye kanzidata ni hii:

```
UPDATE oda SET deleted_at = NOW() WHERE id = 4817;
```

Hapo hakuna kilichoondolewa. Safu ya `deleted_at`, ambayo ilikuwa tupu, sasa ina tarehe na saa. Jina la mteja, namba yake ya simu na mtaa anaoishi vimebaki palepale.

Utaratibu huo si hila. Fedha za mteja zinapaswa kurudishwa na mhasibu anahitaji kuona zilitoka wapi. Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania ya mwaka 2015 inamtaka mlipakodi atunze nyaraka zake kwa miaka isiyopungua 5, na Kenya nayo ina takwa la miaka 5 katika Sheria ya Taratibu za Kodi ya mwaka huohuo.

Udhaifu wake ni kwamba kila anayesoma kanzidata lazima akumbuke kuweka sharti la `deleted_at IS NULL`. Aliyetengeneza tovuti hulikumbuka. Anayekuja miaka miwili baadaye kuandika ripoti ya mauzo, mara nyingi hulisahau. Dalili yake huonekana mapema: mauzo ya kwenye ripoti huzidi fedha zilizoingia benki, na tofauti hiyo hulingana na jumla ya oda zilizofutwa. Dalili nyingine ni ujumbe wa ofa kumfikia mtu aliyefunga akaunti yake zamani.

Namba za simu huleta utata mkubwa zaidi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurejeshwa sokoni na kuuzwa kwa mtu mwingine. Mtu huyo akijisajili dukani huambiwa namba hiyo tayari ina mwenyewe, kwa sababu akaunti iliyofutwa bado inaishikilia. Karani akiamua kumsaidia kwa kuifufua akaunti ile, mgeni huyo hukuta manunuzi na mtaa wa mtu asiyemjua. Dawa ni zuio la kurudia namba lihusu akaunti hai pekee, na ya zamani isifufuliwe kwa ushahidi wa namba ya simu tu.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zisihifadhiwe kuliko muda unaohitajika kwa lengo lililozikusanya. Wapo wafanyabiashara wanaodhani sheria hii inapingana na ile ya kodi. Haipingani nayo, kwani mkaguzi wa kodi anataka kiasi, tarehe na namba ya muamala, na hana haja na maelekezo ya kufika nyumbani kwa mteja.

Nchini Denmark, kampuni ya samani ya ILVA ilishitakiwa kwa kutozingatia sheria katika kuhifadhi taarifa za wateja wa zamani wapatao 350,000. Mwaka 2021 mahakama ya Aarhus iliitoza faini ya kroni 100,000, ingawa upande wa mashtaka ulikuwa umeomba milioni 1.5.

Kwa oda yetu 4817, duka makini lingeacha taarifa zote hadi fedha zirudishwe na muda wa malalamiko upite, tuseme siku 90, muda ambao duka hujipangia lenyewe. Siku hiyo anwani na maelekezo ya usafirishaji hufutwa kabisa, hubaki kumbukumbu za fedha. Miaka 5 baada ya kufungwa kwa mwaka wa hesabu, mstari wote huondolewa kwa amri ya `DELETE`, isipokuwa kama kuna kesi au ukaguzi unaoendelea. Oda iliyofutwa kabla ya senti yoyote kulipwa haina hoja ya kihasibu. Siku 30 zinaitosha.

Zinabaki nakala za akiba, ambazo wengi huzisahau. Kompyuta ikiharibika na duka likarejesha nakala ya wiki iliyopita, waliofutwa juzi hurudi wakiwa hai. Kwa hiyo orodha ya namba za kumbukumbu zilizofutwa, bila majina, hutunzwa mahali pengine, na ufutaji hurudiwa kwa kuifuata kabla tovuti haijafunguliwa tena kwa wateja.