PIN ya M-PESA Imejifunga na Lando Anangoja Rent? Cheki Hii Kwanza

Ni tarehe 5, uko kwa stej Nyeri taun, na lando wa keja yako kule King'ong'o amesema akifika saa kumi bila doo, kufuli inaingia kwa mlango. Unashika simu, unaweka PIN, inakataa. Unaweka tena, inakataa. Ukijaribu mara ya tatu na ukose, akaunti inajifunga. Doo yako haijaenda mahali, bado iko ndani, lakini wewe huwezi kuitoa wala kuituma.

Kwa hivyo sheria ya kwanza: ukikosa mara mbili, wacha. Ya tatu isiwe ya kubahatisha. Vuta pumzi, angalia kama umebonyeza namba zenyewe, kisha uamue.

Na kama imeshajifunga? Hapo kuna maswali mawili tu.

Swali la kwanza: unakumbuka PIN? Kama unaikumbuka na ni haraka tu ilikukosesha, unataka kufunguliwa. Kama umeisahau kabisa, unataka mpya. Zote mbili unaanzia mahali pamoja. Bonyeza:

```
*334#
```

Ingia My Account, halafu M-PESA PIN Manager, uchague ile inayokufaa. Utaulizwa namba ya kitambulisho. Ukiwa umesahau, utatumiwa PIN ya kuanzia kwa SMS, nawe unaibadilisha papo hapo na kuweka yako. Ikigoma, piga 100, ama 234 ambayo ni ya mambo ya M-PESA. Huko pia utaulizwa maswali ya kuthibitisha ni wewe.

Swali la pili ndilo huangusha wengi: laini iko kwa jina la nani?

Chukua mfano wa mwanafunzi wa Dedan Kimathi. Alipofika kidato cha nne hakuwa na kitambulisho, kwa hivyo mathe wake, anayeuza viazi soko ya Karatina, alimsajilia laini kwa jina lake. Miaka imepita, kijana ana ID yake, lakini laini bado ni ya mathe. Siku ya rent PIN inajifunga. Anaweka namba ya ID yake, sistemu inakataa, kwa sababu inalinganisha na ID iliyosajili laini. Anakimbia kwa duka la Safaricom hapo taun akiwa na ID yake halisi mkononi, na bado haisaidii. Kwa karatasi, hiyo doo ni ya mathe, na mwenye laini ndiye anafaa kuja na kitambulisho chake.

Sasa saa kumi inakaribia. Njia ya haraka si kupigana na PIN. Anampigia mathe, na mathe anatuma rent moja kwa moja kwa namba ya lando kutoka simu yake. Kama ni Paybill, hakikisha anaweka akaunti ya nyumba yako, la sivyo doo itaingia na lando atasema hajaona kitu. Ujumbe wa malipo ukimfikia mathe, amfowadie lando na wewe. Mambo ya PIN yatafuata kesho, bila presha.

Na hiyo kesho, wewe na mathe mwende pamoja dukani, kila mtu na ID yake, laini ihamishwe kwa jina lako. Wewe unayesoma hii unaweza kujua mapema kama uko kwa shida hiyo. Bonyeza `*106#` uone namba zilizosajiliwa kwa ID yako. Ukikosa yako hapo, shughulikia kabla ya mwisho wa mwezi. Ukiona usiyoijua, ripoti pia.

Jambo la mwisho, kwa sababu ukiwa na presha ndio unachezwa. Ajenti wa kibanda hana uwezo wa kukubadilishia PIN, kwa hivyo akikuambia umpe simu na ID "akusaidie", chukua vitu zako uende. Ukilia kwa Facebook ama X kwamba umefungiwa, kutatokea akaunti zinajiita za huduma kwa wateja zikitaka namba yako na PIN. Safaricom wakikupigia hutumia 0722 000 000 pekee, na hata wao hawakuulizi PIN. Mwenye anakuuliza PIN, ile ya zamani ama ya kuanzia iliyotoka kwa SMS, anataka doo ya rent.

Na ukiweka mpya, usitumie mwaka wa kuzaliwa. Uko kwa ID, na ID yako huwa unaiacha kwa geti ya kila jengo unaloingia.