Utashi mwema na wema unaotoka moyoni

Mwaka 1785 Immanuel Kant, mwalimu wa falsafa katika mji wa Königsberg huko Prusia, alichapisha kitabu chembamba kuhusu msingi wa maadili. Sehemu ya kwanza inaanza na dai zito: hakuna kitu kinachoweza kuitwa chema bila masharti yoyote isipokuwa utashi mwema. Hata utulivu wa nafsi, ambao watu huusifu, humfanya mhalifu awe hatari zaidi.

Wapo watakaopendelea kusema "nia njema". Lakini mtu anaweza kusema alikuwa na nia njema ilhali hakuinua hata kidole. Kant anakataa maana hiyo waziwazi: haongelei kutamani tu, bali kutumia kila njia iliyo ndani ya uwezo wa mtu, hata kama mwishowe hakufanikiwa. Utashi ni uwezo wa kuamua na kuutekeleza uamuzi huo, kwa hiyo neno hili linabeba maana yake vizuri zaidi.

Mfano wake mashuhuri ni wa mtu mwenye huruma. Huyu hufurahi akiona wengine wanafurahi, na huwasaidia bila kutafuta sifa wala faida. Kant anakiri kwamba tendo lake ni sahihi na linastahili kupongezwa, ila analinyima thamani ya kimaadili. Wasomaji wengi humkasirikia hapa.

Sasa mtu huyohuyo anapatwa na msiba. Huzuni inaufunika moyo wake, na shida za wengine hazimgusi tena. Uwezo wa kusaidia bado anao. Anajikokota kutoka katika ganzi hiyo na kusaidia kwa sababu moja tu: anatambua kuwa ni wajibu wake. Hapo, anasema Kant, ndipo tendo lake linapopata thamani ya kimaadili kwa mara ya kwanza.

Tofauti iko kati ya kutenda kulingana na wajibu na kutenda kwa sababu ya wajibu. Kwa nje matendo yanafanana kabisa. Huruma ikimsukuma mtu kutenda haki, imeangukia hapo kwa bahati; kesho huruma hiyohiyo inaweza kumfanya amfiche rafiki mwizi.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba furaha huharibu tendo jema. Kant hasemi hivyo. Huzuni aliiingiza katika mfano ili msukumo wa wajibu uonekane ukiwa peke yake, maana wajibu na furaha vikichanganyika ni vigumu kujua kipi kilitenda kazi. Anakubali pia kwamba hata tukijichunguza vikali, hatuwezi kuwa na hakika kuwa hakuna kujipenda kulikojificha nyuma ya wajibu.

Na huruma hakuitupa. Katika kitabu cha 1797 kuhusu maadili, anaandika kwamba ni wajibu kutowakwepa wagonjwa vitandani wala wafungwa wa madeni, ili huruma tuliyopewa na maumbile ikuzwe, kwani hutusaidia kutenda pale ambapo wazo la wajibu peke yake lisingetosha.