Kimadende na Kipigo: Majina Mawili ya Sauti r

Katika vitabu vya fonolojia ya Kiswahili, sauti r huitwa kimadende. Jina hilo limetokana na madende, yaani mtetemo, kama wa sauti ya mwimbaji anayeitikisa. Kiambishi ki- kimewekwa kama katika kipasuo, jina la sauti kama p na t, na kitambaza, jina la l. Istilahi hii inaeleza jambo la kweli: ncha ya ulimi ikitetemeka kwenye ufizi, nyuma ya meno ya juu, hutoka r ya madende.

Lakini msikilize mtu akisema "habari" kwa mwendo wa kawaida. Mara nyingi ncha ya ulimi hugusa ufizi mara moja tu, kisha huachia. Hilo ni pigo, si mtetemo, nami naona lastahili jina lake: kipigo. Kihispania hutenganisha maneno kwa tofauti hii hii. Pero, yenye kipigo, ni "lakini". Perro, yenye kimadende, ni "mbwa".

Umuhimu wa kutenganisha majina haya unaonekana vizuri Busasamana, sekta ya wilaya ya Rubavu inayopakana na Kongo. Kijana wa huko hukutana na r za namna nyingi. Ya Kinyarwanda ni kipigo. Ya Kifaransa hutoka nyuma kabisa, karibu na kidakatonge. Katika Kiingereza cha shuleni, ncha ya ulimi kwa kawaida husogea bila kugusa kitu. Kisha kuna Kiswahili, kinachosemwa Goma, ng'ambo ya mpaka, na ambacho bunge la Rwanda lilikiidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2017.

Kijana huyu akiambiwa kwamba r ya Kiswahili ni kimadende, ataanza kuhangaika kutetemesha ulimi, kumbe r anayo tayari. Kinachomsumbua ni l. Katika Kinyarwanda, r na l hazitenganishi maana za maneno. Kigali huandikwa kwa l, ila vinywani mwa wengi husikika Kigari. Penye l ya Kiswahili, Kinyarwanda mara nyingi kina r: kulima ni kurima, kulala ni kurara, na ulimi wenyewe ni ururimi. Kwa hiyo anaweza kuomba kalamu, msikilizaji akasikia anaomba karamu. Au akauliza mahali, ikasikika mahari.

Tiba yake ni kuhisi pumzi inapopita. Aweke ncha ya ulimi kwenye ufizi kama anayetaka kusema l, aiache hapo, kisha avute hewa ndani kwa mdomo. Akihisi ubaridi kandokando ya ulimi, njia za l ziko wazi. Sasa atoe sauti bila kuondoa ncha: "llll", kisha "lllla". Kitambaza kinaweza kuvutwa hivyo hadi pumzi iishe. Kipigo hakivutiki, kwa kuwa ulimi hugusa na kuondoka papo hapo. Basi aseme "kallllamu" kwa kuivuta l, kisha "karamu" kwa pigo moja jepesi, na afupishe l kidogo kidogo bila kuipoteza. Pigo likikawia, msikilizaji atasikia d, "kadamu". Hapo ajue ulimi umebana mno.

Kimadende kamili kinahitaji kazi nyingine. Anayejifunza Kihispania atakihitaji, na hata anayesoma Kiarabu, ambamo r iliyotiwa shada hurefushwa kwa mtetemo. Kosa la wengi ni kujaribu kuutikisa ulimi kwa nguvu za misuli. Ncha hugonga mara 25 hadi 30 kwa sekunde, na mwendo huo hutokana na pumzi, kama midomo inavyotetemeka mtu akisema "brrr" kwa baridi. Kazi ya ulimi ni kukaa mahali pake ukiwa umelegea.

Bana kingo za ulimi kwenye magego ya juu, ili hewa isitoroke pembeni. Acha ncha iguse ufizi kwa wepesi, kisha sukuma pumzi kwa nguvu bila sauti ya koo. Wengi huupata mtetemo kwanza hivyo, kwa kuwa koo likiwa wazi pumzi hupita nyingi zaidi. Ukishaupata, ongeza sauti. Neno "treni" husaidia, kwani t huiweka ncha karibu na mahali panapotakiwa. Vuta r yake, "trrreni". Ukisikia mvumo kama wa z, ncha iko mbali kidogo na ufizi au pumzi ni hafifu. Ukisikia l, kingo zimeachia.

Mwalimu aliye na majina yote mawili atamwelekeza kila mwanafunzi kwenye kazi yake. Wa Busasamana anayesoma Kiswahili ataachiwa kipigo chake kama kilivyo, na saa zake zitaenda kwenye l.